Mwenzetu ametoka hospitali: shukrani kwa waliochanga, na hesabu inayosimama

"Kikundi chetu hapa Nyalenda, Kisumu, kilichangisha pesa za matibabu ya mwenzetu aliyevunjika mguu. Mimi ndiye mwekahazina, kwa hivyo pesa ziliingia kwa simu yangu. Ametoka hospitali wiki jana na tumebaki na kitu kidogo. Mwenyekiti ananiambia niandike tu 'Asanteni sana, Mungu awabariki' kwenye kundi la WhatsApp, lakini tayari nasikia minong'ono kwamba bili ilikuwa 286,000 na SHA ililipa, sasa pesa zetu zilienda wapi. Tena kuna elfu nne na kitu sina risiti zake. Niandike nini? Na nitaje nani alitoa ngapi?"

Ndugu mwekahazina, karatasi ya hesabu na picha za risiti ulizoambatanisha zilinifikia, na nimezipitia mara mbili. Nianze na la kukutuliza: sikuona pesa iliyopotea. Lakini jumla uliyopanga kuitangaza, shilingi 196,500, si sahihi, na kama ungeitangaza vile ilivyo, hiyo minong'ono ingepata miguu ya kutembelea.

Hiyo 196,500 umeitoa kwenye ile orodha iliyokuwa ikizunguka kwenye kundi, ambayo kila mtu anainakili, anaongeza jina lake na kiasi, kisha anairudisha. Orodha ya namna hiyo ni nzuri kwa kuwatia watu moyo wakati wa kuchanga. Kwa hesabu haifai, kwa sababu inachanganya aliyetoa, aliyeahidi na aliyeandikwa mara mbili. Nilipoilinganisha na mistari ya M-Pesa uliyonitumia, niliona watu watatu walioandika ahadi na hawajatuma mpaka leo: 5,000, 3,000 na 1,000. Hizo ni 9,000. Kisha kuna 4,000 zilizoandikwa kwa jina la mama mmoja na zikaandikwa tena kwa jina la mumewe, ilhali zilitumwa mara moja tu, kutoka kwa namba ya mume. Upande wa pili kuna watu wawili wasio kwenye kundi kabisa waliokutumia 1,500 na 800, na hakuna aliyewaandika popote.

Sasa fanya hesabu pole pole. 196,500 toa 9,000 za ahadi, toa 4,000 za kurudiwa, ongeza 2,300 za wale wawili. Unapata 185,800. Hiyo ndiyo pesa iliyoingia. Matumizi yako yote, nimeyajumlisha, ni 172,240. Ukitoa, inabaki 13,560, na hicho ndicho kiasi ulichoniambia kiko kwenye simu. Inasimama. Ila ungetangaza 196,500, mtu yeyote mwenye kikokotoo angetafuta salio la 24,260 na kukuta pungufu ya 10,700. Pesa ambayo haikuwahi kufika mkononi mwako ingehesabiwa kwamba umeila.

Kwa hivyo kabla ya kuandika neno lolote la shukrani, hesabu ianze kwenye taarifa ya M-Pesa, ile watu wanaiita stetimenti. Bonyeza *334# au tumia programu ya M-Pesa kwenye simu, chagua kuanzia siku ile ya kwanza mchango ulipotangazwa hadi leo, na itakuja kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa namba ya siri utakayotumiwa. Ichapishe kwa saiba na upitie kila mstari kwa kalamu. Kuna mambo mawili yanayowapotosha waweka hazina wengi hapo.

La kwanza ni pesa taslimu. Wewe ulipokea 6,700 mkononi baada ya ibada, ukaziweka kwa wakala. Katika taarifa zitaonekana kama pesa ulizoweka mwenyewe, na katika daftari lako zimeandikwa kama mchango wa taslimu. Ukizihesabu pande zote mbili umeunda 6,700 za hewa. Weka alama kwenye ule mstari wa wakala kwamba ndizo zilezile. Zilizotumwa moja kwa moja kwa simu ni 179,100, na pamoja na hizo 6,700 unafika 185,800.

La pili ni Fuliza. Mtu akiwa na deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia hukatwa kwanza kulipa deni hilo, bila kuulizwa kama ni mshahara au ni mchango wa mgonjwa. Kwenye taarifa utauona mstari umeandikwa OD Loan Repayment. Wewe unao mmoja, wa 1,150, siku ya pili ya mchango. Mchangaji alituma 2,000, Safaricom ikachukua 1,150 za deni lako binafsi. Uliniambia ulizirudisha mwisho wa wiki hiyo, na taarifa inaonyesha kweli uliweka 1,150. Vizuri. Usiuache mstari huo uje kugunduliwa na mtu mwingine. Waonyeshe watakaokagua, uwaambie ilivyokuwa na siku uliyorudisha. Na mchango ujao usipite tena kwenye laini unayofulizia.

Nije kwenye minong'ono yenyewe, maana inatoka kwenye jambo ambalo wengi hawalielewi. Mtu alipiga picha bili akaona 286,400 chini, mwingine akasikia "SHA imelipa", na kichwani mwa watu hayo mawili yamekuwa: basi michango haikuhitajika. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba 2024, haimpi mgonjwa pesa na haitumi chochote kwa simu ya mwekahazina. Inailipa hospitali yenyewe, tena kwa kiwango kilichowekwa kwa huduma husika. Kinachozidi kiwango hicho, au kisichomo kabisa, kinabaki kwa mgonjwa. Kwenye bili ya mwisho uliyonitumia, SHA imebeba 112,000. Ukitoa kwenye 286,400 inabaki 174,400.

Lakini risiti zako za hospitali ni 60,000, 50,000 na 44,400, jumla 154,400. Mtu makini ataona pengo la 20,000 na atauliza. Jibu lipo: familia ililipa 20,000 za amana usiku ule alipolazwa, kabla kikundi hakijaanza kuchanga. Hizo hazikupita kwako na hazimo katika mapato wala matumizi yako, ila lazima zitajwe, la sivyo bili haifungi. Nimeona waweka hazina wakiziacha kwa kuona aibu ya kuanika mfuko wa familia. Waulize kwanza, na wakikubali, sentensi moja inatosha.

Angalia pia kwamba picha inayozunguka ni ya bili gani. Mgonjwa akiwa bado kitandani hospitali huweza kutoa bili ya muda, na hapo sehemu ya SHA huenda haijaingizwa, kwa hivyo jumla inaonekana kubwa kuliko itakayolipwa. Bili ya mwisho ndiyo ya kutumia, ile inayoonyesha kilichobebwa na SHA, kilicholipwa na salio sifuri. Kama yenu haionyeshi sifuri, rudi kwenye ofisi ya malipo ya hospitali na risiti zote nne, pamoja na ya amana. Huwezi kujua kwa kukisia nyumbani kama amana iliingizwa au ilisahauliwa, na ikiwa mlilipa zaidi, anayedai kurudishiwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye risiti.

Sasa zile zisizo na risiti. Kwenye karatasi yako ni 4,650: nauli za boda na matatu za ndugu yake aliyekuwa akimlinda, na chakula chake kwa siku kumi na moja. Hakuna mwanaboda anayetoa risiti, na hakuna mchangaji mwenye akili timamu anayetarajia hivyo. Kosa linalofanywa hapa ni kutafuta risiti baada ya jambo, kwenda kwa duka la rafiki akuandikie "vifaa vya hospitali 4,650". Usifanye. Ukikamatwa na risiti moja ya kubuni, zile nyingine halali zote zinakufa nayo.

Badala yake andika hati ya malipo. Ni karatasi ya kawaida: tarehe, kiasi, kilikuwa cha nini, aliyepokea, aliyetoa, na sahihi za wote wawili. Yule ndugu aandike mwenyewe kwa mkono wake, hata kama ni sasa, lakini tarehe ya kuandikwa iwe ya leo, na ndani yake aseme pesa alipewa lini. Kurudisha tarehe nyuma ni uongo mdogo usio na faida. Kati ya hizo 4,650, mimi naona 1,900 ulimtumia kwa M-Pesa mara tatu. Hiyo ni ushahidi kwamba pesa ilitoka kwako ikamfikia, ingawa haithibitishi alinunua nini. Zinazobaki, 2,750, zinasimama kwenye hati na neno la mtu. Liseme hilo wazi kwenye taarifa yako. Kiasi kidogo kilichokiriwa hakisumbui watu kama kiasi kidogo kilichofichwa ndani ya "mengineyo".

Kuhusu majina na viwango. Najua mila yetu ya harambee: jina linasomwa, kiasi kinasomwa, makofi yanapigwa. Ina faida yake, kwa sababu kusomwa hadharani ndiyo risiti ya mtu aliyetoa taslimu. Lakini shukrani baada ya matibabu ni kitu tofauti. Mama anayeuza omena soko la Jubilee akitoa 100 zilizokuwa mtaji wa kesho, halafu jina lake likae chini ya mstari wa 20,000, umemshukuru au umempima? Na yuko yule wa 20,000 ambaye hataki shemeji zake wote wajue ana 20,000.

Kuna njia tatu ambazo nimeona zikitumika. Kuweka orodha kamili ya majina na viwango ndiyo inayozima shaka haraka, lakini inaleta hayo niliyosema. Kuweka viwango pamoja na msimbo wa muamala wa M-Pesa bila majina ni njia safi, kila mtu anaweza kutafuta msimbo wake na kuona kwamba umeandikwa. Tatizo ni wazee waliotuma kupitia simu za watoto, au waliofuta jumbe, hawatajipata. Njia ninayoipendelea ni ya tatu: kwenye kundi weka majina bila viwango, kwa alfabeti, pamoja na idadi ya watu na jumla. Kisha kila mmoja mtumie ujumbe wake binafsi: "Tulipokea 500 zako tarehe fulani. Asante." Watu 118 ni kazi ya jioni mbili, najua, lakini ujumbe huo pia ni ukaguzi. Mtu akijibu "mbona mimi nilituma 1,000?", umepata kosa kabla ya wengine kulipata. Walioomba wasitajwe, wahesabu kwenye idadi na uache majina yao.

Orodha kamili yenye viwango isitupwe. Ipelekwe, pamoja na taarifa ya M-Pesa na risiti, kwa watu wawili waliochaguliwa na kikundi. Wasiwe mwenyekiti, wasiwe wa familia ya mgonjwa, na ikiwezekana mmoja awe yule anayenong'ona zaidi. Waketi nawe mezani, wapige hesabu wenyewe, watie sahihi. Hii ndiyo sababu sikushauri utupe taarifa yako ya M-Pesa kwenye kundi, hata kwa nia njema ya kujisafisha. Ina mambo yako ya nyumbani na majina ya watu wasiohusika.

Bili ya hospitali nayo isipigwe picha na kuwekwa kwenye kundi. Ina jina lake kamili na namba zake, na mara nyingi ugonjwa na upasuaji aliofanyiwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na hata kusingekuwa na sheria, huyu ni mtu atakayerudi kukaa nanyi kwenye mkutano. Mguu uliovunjika si siri, lakini kwenye bili pana vipimo vingine asivyotaka kusomewa. Msomee rasimu ya shukrani kabla ya kuituma, umuulize: "Hapa kuna kitu ungependa nikitoe?"

Mwenyekiti wako ana hoja kwenye jambo moja: watu wasishukuriwe kwa jedwali refu la kuchosha. Asante ikae mbele, hesabu ifuate, fupi. Mimi ningeandika hivi, nawe urekebishe kwa lugha yenu:

"Wapendwa, mwenzetu yuko nyumbani tangu wiki jana. Anatembea kwa magongo na atarudi kliniki. Yeye na familia yake wanatuma shukrani kwa kila mmoja wenu. Tunawashukuru pia waliotoa damu, waliolala naye hospitali, waliopika na waliochunga watoto wake. Hao hatuwezi kuwaandika kwa shilingi.

Zilizoingia: 185,800, kutoka kwa watu 118. Ahadi ambazo hazijafika hazimo.

Bili ya hospitali ilikuwa 286,400. SHA ililipa hospitali 112,000. Familia ililipa amana 20,000. Mchango wenu ulilipa 154,400 zilizobaki.

Nje ya bili tulitumia: dawa zilizonunuliwa nje 6,350, magongo 2,800, gari la kumrudisha nyumbani 3,500, nauli na chakula cha aliyemlinda 4,650, ada za M-Pesa 540. Hizi za nauli na chakula hazina risiti za dukani. Kuna hati iliyotiwa sahihi na aliyezipokea.

Jumla ya matumizi: 172,240. Salio: 13,560.

Wanachama wawili wamekagua risiti na taarifa ya M-Pesa. Zitakuwa mezani siku ya mkutano, yeyote aliyechanga anakaribishwa kuziona. Kama jina lako halimo kwenye orodha au kiasi nilichokutajia kwenye ujumbe wako binafsi si sahihi, niambie kabla ya mkutano."

Usiitume kabla wale wawili hawajatia sahihi, hata mwenyekiti akikuharakisha. Ila usikae nayo pia. Nakuru nilisaidia kikundi kimoja kilichokuwa na hesabu safi kabisa, lakini mwekahazina alisubiri karibu miezi miwili ili apate risiti moja ya duka la dawa. Risiti ilipopatikana, nusu ya wanachama walikuwa wameshaacha kuchanga kwa chochote. Ningekuwa wewe ningeiweka ndani ya wiki hii, na kama kuna kitu bado kinafuatiliwa, ningekitaja kwamba kinafuatiliwa.

Na wale wasio kwenye kundi? Wawili waliotuma 1,500 na 800 wapelekee ujumbe huohuo kwa SMS. Wazee wasomewe siku ya mkutano kwa Kijaluo, tarakimu zote, bila kuruka.

Limebaki lile la 13,560. Kuzigawa na kuwarudishia watu 118 ni kama shilingi 115 kwa mtu, na wengine wataona umewatupia mchango wao usoni. Kuzitia kwenye hazina ya kikundi kunavutia, na najua mwenyekiti atalipendekeza, lakini watu walitoa kwa ajili ya mguu wa mtu mmoja, na wengine si wanachama kabisa. Hizo pesa bado ni za kazi ile. Mguu wenye vyuma unarudi kliniki, unapigwa picha za eksirei, kuna nauli, kuna dawa. Pendekeza kwenye mkutano zishikiliwe kwa miezi sita kwa hayo tu, kila utoaji ukiandikwa kama mwanzo. Zikibaki baada ya hapo, waulizwe wote waliochanga kabla hazijageuzwa kazi. Kwa sasa zihamishe kutoka kwenye simu yako leo hii, ziende akaunti ya kikundi inayohitaji sahihi zaidi ya moja. Zikikaa kwako zitachanganyika na pesa ya mboga, hata uwe mwaminifu kiasi gani.

Kuna wakati ambapo barua yangu haitoshi. Wale wakaguzi wawili wakikuta tofauti wasiyoweza kuieleza baada ya kukaa mara mbili, mtafute mhasibu aketi nanyi na makaratasi yenyewe, si picha za simu. Kikundi kikiwa kimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, afisa wa maendeleo ya jamii wa eneo lenu anaweza kukaa nanyi kwa mgogoro wa aina hii, na mtu akija kudai hadharani kwamba uliiba, heri mkutane mbele yake kuliko kujibizana usiku kwenye WhatsApp. Hospitali nayo ikisema bado kuna deni baada ya risiti zote, mwone afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo, uende na mgonjwa au mtu wa familia, kwa sababu wewe peke yako hawatakufungulia faili.

Nilipokuwa nikijumlisha niliona kitu kimoja bado kinanisumbua: risiti ya dawa ya 6,350 haina tarehe. Pita dukani waombe wakupe nakala iliyokamilika kabla wale wawili hawajakaa.